Fulani na gunia la viazi: kueleza hoja ya mtu bila kubeba sentensi zake

(Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa uzamili, Mbeya. Nimeiandika upya kutoka kwenye maelezo yangu ya mkononi, na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni nimeyaacha humu.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mlioacha jua la saa nane mkaja kukaa kwenye ukumbi wenye baridi kama huu: shikamooni kwa waliotutangulia, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie sura ya pili, ile ya mapitio ya machapisho, maana ndiko kazi nyingi zinakokwama. Yule anayechukua tasnifu ya mwenzake wa mwaka juzi akabadili jalada tumwache, anajijua. Leo namzungumzia mwanafunzi mwaminifu. Amesoma vyanzo vyake, kila aya ameifungia jina na mwaka kwenye mabano, orodha ya marejeleo imekaa vizuri, na bado msimamizi anamrudishia kurasa nne zikiwa na alama nyekundu pembeni: "Haya si maneno yako." Mwanafunzi anakuja kwangu amenuna. "Mwalimu, mbona nimemtaja mwandishi?"

Kweli amemtaja. Kutaja kunajibu swali moja tu, kwamba wazo limetoka kwa nani. Swali la pili ni sentensi zenyewe ni za nani, na mabano hayalijibu. Mwaka 1993 Rebecca Moore Howard, mwalimu wa uandishi huko Marekani, aliieleza tabia hii kwa usahihi ambao sijaona mtu akiupita: mwandishi anakopi kutoka kwenye chanzo, kisha anafuta baadhi ya maneno, anageuza sarufi hapa na pale, na kuchomeka kisawe mahali pa neno la asili. Sisi tuuite uandishi wa viraka. Howard hakuwa na haraka ya kuwaita wanafunzi hao wezi. Aliona kwamba mara nyingi ni watu wanaojitahidi kuzungumza lugha ya fani ambayo bado hawajaizoea. Nakubaliana naye, ingawa lazima niwaonye kwamba kanuni za vyuo vingi hazina huruma hiyo.

Sasa tufanye kazi. Nimetunga kifungu mwenyewe kwa ajili ya leo, na mwandishi wake tumwite Fulani, mwaka 2016, ili asiwepo mtu wa kwenda kumtafuta maktaba. Nimechagua lumbesa kwa sababu hapa hakuna asiyeijua. Ukishuka njia ya Tukuyu ukapita Isyonje hadi Isongole unaiona imepangwa kando ya barabara, magunia ya viazi yenye kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, na sheria inayotaka gunia lisizidi kilo 100 haijayatisha. Fulani anaandika hivi:

"Lumbesa haidumu kwa sababu tu wakulima hawaijui sheria. Inadumu kwa sababu bei ya shambani hutajwa kwa gunia, si kwa kilo, na gunia ni kipimo cha ujazo ambacho mnunuzi anaweza kukitanua kwa kulijaza kupita mdomo wake na kulifunga kwa kamba. Mkulima asiye na ghala hawezi kukataa, kwa kuwa viazi vilivyokwisha kuchimbwa huharibika vikikaa, na mnunuzi analijua hilo. Huenda mizani ya kijiji ingepunguza tatizo, lakini kwa wakulima walio karibu na ghala pekee."

Na hivi ndivyo mwanafunzi wangu mwaminifu angeandika. Nimemtunga huyu pia, lakini kila mwalimu aliye humu anamfahamu:

"Lumbesa haiendelei kwa sababu tu wakulima hawaifahamu sheria. Inaendelea kwa kuwa bei ya shambani hutamkwa kwa gunia, siyo kwa kilo, na gunia ni kipimo cha uzito ambacho mteja anaweza kukiongeza kwa kulijaza kupita mdomo na kulifunga kwa kamba. Mkulima asiye na stoo hana uwezo wa kukataa, kwani viazi vilivyovunwa huoza vikikaa, na mteja analifahamu hilo. Mizani ya kijiji itapunguza tatizo kwa wakulima walio karibu na ghala (Fulani, 2016)."

Someni vyote viwili polepole. Mmeona "ujazo" umegeuka "uzito"? Mwanafunzi alikuwa anatafuta neno la kubadilisha, akaona haya mawili ni ndugu. Hoja yote ya Fulani imesimama juu ya tofauti yake. Gunia lingekuwa kipimo cha uzito, lumbesa isingewezekana, kwa sababu kilo 100 ni kilo 100 hata ukizifunga kwa kamba ya namna gani. Inawezekana kwa kuwa tunauza nafasi iliyo ndani ya mfuko, na nafasi hiyo inatanuka. Kwa neno moja la kupamba, mwanafunzi ameivunja hoja, kisha ameweka jina la Fulani chini yake kama shahidi. Hapo kumtaja mwandishi kumezidisha kosa, maana Fulani sasa anasemeshwa jambo ambalo hakulisema.

"Huoza" nalo litazameni. Fulani alisema "huharibika". Kiazi kilichokaa juani kinaweza kugeuka kijani na kusinyaa bila kuoza, na mnunuzi akakikataa vilevile. Kisawe kimeibana maana. Kisha kuna "stoo" katika sentensi ya tatu na "ghala" katika ya nne, kwa kitu kilekile. Mimi nikisahihisha, hilo ndilo linalonishtua kabla hata sijafungua chanzo. Mtu anayeeleza jambo analolielewa hukiita kitu kwa jina moja mpaka mwisho. Anayebadili maneno ili yasifanane na ya chanzo hubadili pale anapokumbuka, na anapochoka anaacha. Msomaji anaona vitu viwili mahali palipo na kimoja.

Baya kuliko yote limejificha mwishoni. Fulani aliandika "huenda ingepunguza", na akafunga kwa "pekee". Mwanafunzi ameandika "itapunguza", na "pekee" imedondoka. Dhana yenye tahadhari imekuwa ahadi. Nimesoma mapendekezo ya utafiti yaliyojengwa juu ya ahadi za namna hii. Mtu anafika sura ya tano anashangaa kwamba matokeo yake "yanapingana na machapisho", kumbe machapisho hayakuwahi kusema hivyo.

Sasa wekeni maneno pembeni mtazame mifupa. Fulani ana sentensi nne, mwanafunzi ana nne. Ya kwanza inakanusha, ya pili inatoa sababu, ya tatu inamleta mkulima asiye na pa kuhifadhi, ya nne inaleta mizani. Mpangilio ni uleule, viunganishi vinakaa palepale, hata ile "na mnunuzi analijua hilo" imebaki na pozi lake mwishoni mwa sentensi. Hiki ndicho kipimo ninachowaomba mkitumie nyumbani: chukua aya yako na kifungu cha chanzo, zipe sentensi namba, kisha uone kama namba moja inakaa juu ya moja na mbili juu ya mbili hadi mwisho. Zikikaa hivyo, una viraka, hata kama hakuna neno moja linalofanana.

Nasema "hata kama" kwa sababu ya Turnitin. Wanafunzi huniuliza asilimia ngapi inaruhusiwa, kana kwamba ni kipimo cha sukari. Mfumo ule unatafuta mfuatano wa maneno unaolingana na maandishi yaliyomo kwenye hifadhi yake. Haujui hoja, na haujui nani ameelewa nini. Orodha ndefu ya marejeleo na majina ya taasisi vinaweza kupandisha asilimia ya kazi safi kabisa, na viraka vilivyopambwa visawe vya kutosha vikapita chini kwa chini. Kila chuo kina kiwango chake, kifuateni. Lakini asilimia ndogo si cheti cha kwamba umeelewa.

Kwa nini basi mtu mwenye akili zake anaandika hivyo? Mwaka 2010 Howard na wenzake wawili walichapisha uchambuzi wa kazi 18 za wanafunzi wa chuo kimoja, wakitazama kila mahali chanzo kilipotumika. Jambo lililowashangaza ni kwamba hawakukuta hata kazi moja ambamo mwanafunzi alikuwa amefupisha chanzo kizima kwa maneno yake. Walikuwa wakichota sentensi, mojamoja, na kuzifanyia kazi zilezile. Mimi naona ugonjwa wote uko hapo. Ukiwa umefungua faili la PDF upande mmoja wa kioo na kazi yako upande wa pili, jicho linakwenda kwenye sentensi, mkono unafuata jicho, na swali pekee linalobaki kichwani ni "nibadili neno gani?" Swali hilo halina jibu zuri.

Mimi nawafundisha wanafunzi wangu kuanzia mbali zaidi. Soma kifungu chote pamoja na kurasa za jirani, mpaka uweze kusema Fulani anabishana na nani. Kwa huyu wetu jibu liko wazi, anabishana na wanaodhani elimu ya sheria peke yake inatosha. Kisha funga chanzo. Kifunge kweli, usikishushe tu pembeni. Jiulize kwa nini wewe, na utafiti wako, unamhitaji Fulani. Tuseme utafiti wako unahusu kampeni za kuwaelimisha wakulima kuhusu vipimo katika vijiji viwili. Basi unamhitaji kwa sababu anakupa maelezo kwa nini elimu ingeweza kufika na lumbesa ikaendelea. Andika hayo kama ungemwandikia mwenzako wa darasani ambaye hajamsoma Fulani. Ukikwama, usifungue kunyofoa sentensi. Kukwama kunakwambia kwamba hujaelewa bado, rudi usome, ufunge tena. Ukimaliza ndipo ufungue chanzo kwa ajili ya kuhakiki: je, nimemwekea maneno mdomoni, je, tahadhari zake zipo, je, kuna msemo wake ulioniganda kichwani bila kujua?

Hivi ndivyo inavyoweza kutoka:

"Kampeni katika vijiji hivi zilichukulia kwamba mkulima anauza lumbesa kwa kutojua sheria. Fulani (2016) analitafuta tatizo kwenye mazingira ya mauzo. Kwa maelezo yake, mazao yakishatoka ardhini bila pa kuyahifadhi, nguvu ya kujadiliana inahamia kwa mnunuzi, naye huitumia kuongeza ujazo wa gunia huku bei ikibaki ileile. Mizani ya kijiji anaitaja kwa tahadhari, akiiona inaweza kuwafaa walio karibu na ghala tu. Katika vijiji vyote viwili hakuna ghala, hivyo kwa hoja hiyo hata mkulima aliyeielewa kampeni vizuri angekuwa na sababu ya kukubali lumbesa."

Fulani hajapoteza kitu hapa, na bado sentensi zake hazipo. Mpangilio umetoka kwenye swali la mwanafunzi, ndiyo maana sentensi ya kwanza inahusu kampeni, jambo ambalo Fulani hakulitaja kabisa. "Lumbesa", "gunia", "ujazo", "mizani" na "ghala" yamebaki kama yalivyo, kwa sababu ni majina ya vitu na istilahi. Hayo hayana mwenyewe, na kuyabadili ndiko kulikoleta "uzito". Lakini Fulani angekuwa na msemo wake wa kipekee, tuseme angeliita gunia "kilo isiyo na mwisho", msemo huo ungetakiwa kuingia kwenye alama za kunukuu pamoja na namba ya ukurasa. Kwa maneno mawili au matatu ya namna hiyo alama hazigharimu kitu, na ni uchoyo kuyatumia bila hizo.

Tazameni pia sauti inavyobadilishana zamu. Jina la Fulani limewekwa mwanzoni mwa maelezo yake, si kwenye mabano ya mwisho wa aya. Hili nalipigania sana. Aya ya sentensi saba yenye mabano moja mwishoni inamwacha msomaji akikisia: zote saba ni za Fulani, au ya saba tu? Ukitanguliza jina, kisha ukaendelea na "kwa maelezo yake" na "anaitaja", msomaji anajua yuko kwa nani. Mwongozo wa APA, toleo la saba, hauwataki mrudie mabano kila sentensi ikiwa ni wazi kwamba bado mnamweleza mwandishi yuleyule, ila mkianza aya mpya mtajeni tena. Namba ya ukurasa kwa kueleza upya si lazima katika APA, ingawa inaruhusiwa. Kwenye kitabu cha kurasa 300 iwekeni, mtamwokoa msomaji.

Na tazameni maneno "hivyo kwa hoja hiyo". Hapo Fulani ameishia na mwanafunzi ameanza. Kwamba mkulima mwenye elimu angekubali lumbesa vilevile ni hitimisho la mwanafunzi, amelipata kwa kuweka hoja ya Fulani juu ya ukweli wa vijiji vyake. Bila maneno hayo manne, tungedhani Fulani alivitembelea vijiji hivyo. Sentensi ya kwanza nayo ina deni lake: kama kampeni zilichukulia hivyo, mwanafunzi atuoneshe vipeperushi au mahojiano yanayothibitisha. Fulani hamsaidii hapo.

Niseme kidogo kuhusu tafsiri, maana vyanzo vyetu vingi ni vya Kiingereza na wengine wenu mnaandika kwa Kiswahili. Mwanafunzi anatafsiri ukurasa, sentensi kwa sentensi, anaona hakuna neno hata moja la chanzo lililobaki, anajipongeza. Ukizipa sentensi namba kama tulivyofanya, zinakaa moja juu ya moja. Ni kweli mwongozo wa APA unahesabu tafsiri uliyoifanya mwenyewe kuwa ni kueleza upya, hivyo unataja chanzo bila kuweka alama za kunukuu. Ila kanuni hiyo inahusu alama, haikupi ruhusa ya kuhamisha kurasa tatu za mtu zikaitwa mapitio yako. Dawa ni ileile: soma kwa Kiingereza, funga, andika kwa Kiswahili kutoka kwenye ulichoelewa. Wanaofanya hivyo huandika Kiswahili kizuri zaidi pia, maana muundo wa Kiingereza hauwafuati.

Halafu daftari. Viraka vingi havizaliwi siku ya kuandika. Vinazaliwa Machi, mtu anapokopi kwenye daftari au kwenye simu bila alama yoyote, na Juni anayakuta maandishi yake mwenyewe, anaamini ni mawazo yake. Kwenye maelezo yako, kila ulichokopi neno kwa neno kifunge kwa alama za kunukuu na ukurasa siku ileile, na ulichoeleza mwenyewe kianzie mstari mpya chenye herufi za jina lako. Desa la mwenzako usilitumie kama chanzo kabisa, hujui ndani yake kipi kilikopiwa.

Sasa maswali. Dada mmoja wa historia aliuliza kama kila tarehe inahitaji kutajiwa chanzo. Haihitaji. Kwamba Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na kwamba alijiua mwaka 1898 ni mambo yanayopatikana kila mahali, na hakuna njia ya pekee ya kuyasema, andika tu. Lakini ukisema aliweza kuhimili miaka ile yote baada ya ngome ya Kalenga kuanguka mwaka 1894 kwa sababu ya msaada wa watu wa vijijini, hayo ni maelezo ya sababu. Kuna mwanahistoria aliyeyajenga, na kuna mwingine anayeweza kuyapinga. Huyo mtaje, na hoja yake ieleze kama tulivyomfanyia Fulani.

Kaka aliyekaa nyuma akauliza: je, kama Fulani amelisema vizuri kuliko nitakavyoweza kulisema mimi? Basi mnukuu. Sentensi moja, alama za kunukuu, ukurasa, kisha sentensi yako inayosema unaifanyia nini nukuu hiyo. Ikifika maneno 40 au zaidi, APA inataka uitenge kama kifungu chake, kilichosogezwa ndani, bila alama za kunukuu. Alichoogopa, alivyonieleza baadaye pale mlangoni, ni kwamba wasimamizi hawapendi nukuu. Hatupendi kurasa zilizojaa nukuu tupu. Nukuu mbili au tatu ndani ya sura, kila moja ikiwa na kazi yake, sijamwona msimamizi aliyezikataa.